Soketi ya inchi kwenye bomba la milimita

Kilichonishtua kwanza ni majani. Ilikuwa Septemba, Goba yote imekauka, vumbi mpaka kwenye vyombo, lakini kati ya mita ya maji na ukuta wa jiko palikuwa na kiraka cha ukoka mbichi, kipana kama mkeka wa kuswalia. Mke wangu alikiona kabla yangu akadhani ni maji ya kufulia. Mimi nilikiona siku bili ilipoingia kwenye simu: uniti 24, wakati nyumba yetu kwa kawaida haivuki 11.

Kwetu maji ni ya mgao, siku tatu kwa wiki. Yanatoka kwenye mita, yanapita ardhini kwenye bomba la plastiki, yanapanda kwenye tangi. Nikasubiri siku ya maji, nikafunga bomba zote za ndani na koki ya kuingilia tangi, kisha nikaenda kuchuchumaa mbele ya mita. Kwenye uso wa mita kuna kidude chekundu cha pembe tatu kinachozunguka hata maji yakipita kwa matone. Chetu kilikuwa kinazunguka polepole, bila haraka na bila kusimama. Nilikitazama dakika kumi nzima nikitumaini kitachoka.

Nikachimba palipo na ukoka. Bomba lilikuwa kina cha kama sentimita 40, na nilipofika karibu nikaacha jembe nikatumia mikono, maana jembe halijui tofauti ya udongo na plastiki. Nikakuta soketi, kile kipande kifupi kinachounganisha bomba mbili, na mdomoni mwake upande wa chini palitoka uzi mwembamba wa maji. Nikakinga jagi. Nusu lita ilijaa kwa sekunde 40. Hesabu yake ni lita 45 kwa saa, yaani uniti moja na ushee kila siku ya maji. Kwa siku 13 za mgao katika mwezi ni uniti 14 hivi, na hapo bili yangu ikawa haina siri tena.

Kulikuwa na dalili nyingine niliyoipuuza miezi miwili. Kila mgao unapoanza, maji ya kwanza kwenye tangi yalikuwa na rangi ya chai. Nililaumu barabara inayochimbwa. Kumbe bomba linalovuja halitoi tu. Maji yakikatika na bomba likaanza kujimwaga kuelekea bondeni, linavuta, na kinachovutwa ni tope la shimo lilelile. Nilipoliona lile dimbwi chini ya soketi, na ndani yake chura, nilikwenda kumwambia mke wangu tuchemshe maji yote ya kunywa, na sikumwambia habari za chura.

Kosa la kwanza nililifanya palepale. Nilikuwa na kikopo cha gundi ya bomba kilichobaki wakati wa ujenzi. Nikafunga koki ya pembeni ya mita, nikafuta mdomo wa soketi kwa shati, nikapaka gundi kuzunguka kama mtu anayepaka lami paa. Ikakauka vizuri, ikang'aa. Nilipofungua koki ilidumu kama dakika mbili, ikachomoka kipande kizima kama gamba la kidonda. Gundi ya plastiki ngumu haifanyi kazi ya kuziba. Kazi yake ni kulainisha nyuso mbili zinazogusana mpaka ziyeyukiane na kuwa kitu kimoja, na hilo linatokea ndani ya soketi, pakavu, panapobana. Ukiipaka nje juu ya unyevu, umepaka rangi tu.

Maji yalikuwa bado ya siku moja na nusu na tangi lilikuwa robo. Sikutaka kukata bomba wakati huo, kwa hiyo nikaamua kufunga kwa muda. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu watu wengi hufunga mpira na waya juu ya palipovuja wakashangaa maji yanapotokea pembeni.

Tatizo la maungio ni ngazi. Bomba ni jembamba, soketi ni nene, na tundu liko hasa kwenye kona wanapokutana. Ukizungusha mpira juu ya vyote viwili, unakaa kama shuka juu ya ngazi: unagusa ukingo wa soketi, unagusa bomba mbele kidogo, na chini ya kona panabaki handaki ambalo maji yanazunguka humo mpaka yapate pa kutokea. Lazima kwanza uijaze ngazi.

Nilichukua tyubu kuukuu ya baiskeli ya mwanangu, nikaipasua kwa urefu, nikakata mikanda miwili yenye upana wa sentimita mbili na kipande kimoja kipana cha sentimita nane. Nikaiosha kwa sabuni, maana ndani ya tyubu kuna unga mweupe unaoteleza. Koki ikiwa imefungwa na bomba limekauka, nikaanza kuzungusha mkanda mwembamba juu ya bomba peke yake, ukisukumwa uguse mdomo wa soketi, nikiuvuta mpaka unakaribia kukatika, kila mzunguko ukilala nusu juu ya uliotangulia. Nilihitaji mikanda yote miwili mpaka unene wa mpira ukalingana na unene wa soketi. Hapo ndipo nikafunika kwa kile kipande kipana, nusu juu ya soketi na nusu juu ya mpira niliojaza.

Juu yake nikafunga klipu mbili, zile za bati zenye skrubu ubavuni ambazo mafundi magari hufungia mipira ya rejeta. Moja juu ya soketi, moja juu ya mpira upande wa bomba. Waya wa kufungia nondo nilikuwa nao bure, lakini waya unakata mpira na unabana sehemu moja tu. Klipu inabana mzunguko wote sawa. Nilikaza kwa bisibisi kwa zamu, huku kidogo, huku kidogo, mpaka mpira ukaanza kuvimba pembeni mwa klipu. Hapo niliacha. Plastiki ngumu ukiikaza kupita kiasi haikuonyi. Inageuka umbo la yai, halafu inapiga ufa, na sasa una matatizo mawili.

Nikafungua koki taratibu. Pakavu. Nikazungushia karatasi ya chooni ili hata jasho dogo lionekane, nikaenda kulala nikijiona fundi. Saa nane usiku niliamka, nikatoka na tochi. Karatasi imelowa. Huku kwenye mlima, mchana watu wote wanachota na presha inashuka. Usiku wamelala na presha inapanda. Nikakaza kila klipu nusu mzunguko, nikaibadilisha karatasi. Asubuhi ilikuwa kavu. Tangu siku hiyo kazi ya namna hii naikagua usiku.

Mfungo ule ulikaa siku tisa. Ungeweza kukaa zaidi, lakini kila mgao ukianza, hewa iliyo kwenye bomba hutangulia kwa kishindo na bomba zima linaruka shimoni. Siku ya tisa mpira ulikuwa umesogea karibu sentimita moja. Nikaona bora nikate mwenyewe kabla halijajikata.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi la karibu, nikasema nataka soketi mbili za inchi moja. Mbili, kwa sababu soketi ya zamani huwezi kuitoa na kuitumia tena. Imeshikana na bomba. Unaikata pamoja na kipande cha bomba kila upande, unaweka kipande kipya katikati, nacho kinahitaji soketi huku na huku. Nikarudi, nikafunga koki, nikafungua klipu, nikakata kwa msumeno wa chuma sentimita tano kutoka kila mdomo wa soketi. Palibaki mwanya wa sentimita 15. Ndipo, baada ya kukata, nikajaribu soketi mpya kwenye bomba. Iliingia mpaka mwisho bila kusukumwa, na nilipoiachia ikacheza kama pete kwenye kidole cha mtoto.

Kijana wa dukani kwenye simu akaniambia, "Bro, weka gundi nyingi, itajaza." Nilikaribia kumsikiliza. Kesho yake ilikuwa siku ya maji.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi bomba anayekaa kwenye benchi la hadwea nyingine, kule chini stendi. Nilimwendea na ile soketi niliyoikata mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bomba lako la inchi au la mili?"

"La inchi moja, mzee."

"Nani kakwambia?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza kama mke wangu anashona. Nikasema ana futi ya kupimia nguo. "Basi kazungushe futi hiyo kwenye bomba, uniletee namba."

Nikarudi nyumbani, nikazungusha. Sentimita 10 na unywele. Bomba linaloitwa la inchi moja kwa vipimo vya inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na nusu hivi, na futi ingesoma sentimita 10 na nusu. Langu lilikuwa la milimita 32. Madukani yote mawili huitwa "inchi moja", na kwa macho huyatofautishi. Mambo ni hayohayo kwa madogo: la nusu inchi lina milimita 21 na kidogo wakati mwenzake ni 20, la robo tatu ni karibu 27 wakati mwenzake ni 25. Tofauti ya milimita moja na nusu inaonekana ndogo mpaka uidai gundi iijaze.

Nilipomrudia, mzee alikuwa ameshaipasua ile soketi yangu kwa urefu, msumeno ukipita katikati yake na bomba lililomo. Akanionyesha nusu moja. Upande wa juu bomba lilikuwa limegusa soketi, na pale plastiki mbili zilikuwa zimekuwa moja, huoni mstari. Upande wa chini palikuwa na utepe wa gundi wa rangi ya njano, mnene, wenye mapovu kama mkate, na katikati ya mapovu njia nyembamba yenye udongo. Fundi aliyenijengea alitumia soketi ya inchi kwenye bomba la milimita, akajaza gundi. Gundi ikikauka inasinyaa, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni dawa inayoruka hewani. Kazi yake ilidumu miaka minne, na kwa kweli nashangaa ilifika hata huko.

Nilinunua soketi mbili zilizoandikwa 32 ubavuni, kipande cha bomba la aina hiyohiyo, na kikopo kipya cha gundi, maana cha zamani kilikuwa kimeanza kuganda kama rojo. Gundi iliyofika hapo hairudi, na ukiizimua unaiharibu tu. Safari hii nilijaribu soketi kabla ya kulipa: bomba kavu liliingia kama nusu ya kina cha soketi, likakaza. Ndivyo inavyotakiwa. Gundi ndiyo italainisha liingie lililobaki.

Swali lililonisumbua usiku ule lilikuwa la kuingiza. Bomba limezikwa pande zote mbili, halisogei kushoto wala kulia. Ndani ya soketi, katikati, kuna ukingo mdogo unaozuia bomba lisipite. Sasa soketi ya mwisho utaiingizaje? Zipo soketi za matengenezo zisizo na ukingo, unaisukuma yote upande mmoja kisha unairudisha katikati; hadwea ile haikuwa nazo. Wengine huukwangua ukingo kwa tupa. Mzee hakupenda, akasema soketi ikiteleza juu ya bomba lililopakwa inaikomba gundi mbele yake, na ikikukamata njiani hurudi nyuma wala huendi mbele.

Njia yake ilikuwa jembe. Nichimbe mita moja na nusu kila upande wa mwanya, ili bomba lipate nafasi ya kupinda. Ncha mbili zikiinuliwa kama sentimita 20 au 25 juu, zinaachana kwa sentimita mbili na nusu au zaidi, na hiyo inatosha kwa soketi yangu ambayo kina chake kilikuwa sentimita mbili na ushee. Ukizishusha, zinajisukuma zenyewe ndani. Nilichimba asubuhi yote. Mtaro ukafika mita tatu, na chini kidogo ya mahali ilipokuwa soketi nikakuta jiwe la ukubwa wa ngumi ambalo bomba lilikuwa limelalia. Nikalitoa.

Urefu wa kipande cha katikati nao una mtego. Mkono unataka kukata kirefu, ukidhani kinatakiwa kuingia ndani ya soketi. Lakini soketi zinavalishwa juu; kipande chenyewe kinajaza mwanya tu, tena pungufu ya unene wa ukingo mara mbili. Mwanya wangu sentimita 15, ukingo milimita 3, kwa hiyo nilikata sentimita 14 na milimita 4. Nikazipiga ncha zote nne tupa, kwa nje, ziwe na mteremko mdogo. Ncha kali inakwangua gundi inapoingia. Nikasugua msasa mpaka mng'ao ukatoka, nikachora kwa penseli alama ya kina kwenye kila ncha, ili nijue bomba limefika mwisho na si kwamba nimechoka kusukuma.

Na maji je? Koki ya kwenye mita ilikuwa haikamati. Hata ikifungwa mpaka mwisho, ilipitisha tone kila baada ya sekunde chache, na tone moja ndani ya maungio linatosha kuharibu kila kitu. Mzee alikuwa ameniambia habari ya mkate nikacheka, sasa nikamtuma mtoto dukani. Unachukua silesi bila ganda, unaifinyanga, unaisukuma ndani ya ncha inayotiririka mpaka mbali kidogo. Inanyonya na kuzuia kwa dakika kadhaa, baadaye presha inaisukuma nje.

Kwanza nyumbani kwenye baraza, kivulini, niliunganisha kipande cha katikati na soketi zote mbili. Gundi kiasi kidogo ndani ya soketi, nyingi zaidi kwenye bomba, sukuma huku ukizungusha robo ya mzunguko, kisha shikilia sekunde 30 bila kusogeza. Usiposhikilia, bomba linarudi nyuma lenyewe polepole, kwa sababu tundu la soketi linabana kadiri linavyoingia. Nikafuta gundi iliyojitokeza. Baada ya nusu saa nikashuka mtaroni na kitambaa kikavu. Upande wa tangi ulikuwa mkavu, nikaanza nao. Halafu mkate, futa, msasa tena kidogo, gundi, na mke wangu akainua upande mmoja, mimi mwingine, tukawa kama watu wanaobeba nyoka.

"Shusha pole pole, mama watoto."

"Wewe ndiye unayeharakisha."

Tulishusha. Bomba likaingia, likasimama milimita mbili kabla ya alama ya penseli, nikalisukuma kwa goti. Likafika. Tulikaa tumelishikilia dakika nzima, uso kwa uso, tunavuta harufu ya gundi, mpaka kichwa kikaanza kuuma ikabidi tutoke mtaroni.

Siku iliyofuata ilikuwa ya maji na jirani wote walichota, sisi hatukufungua koki mpaka saa 24 zilipotimia. Nilipofungua, niliifungua kidogo sana, lakini si kupeleka maji kwenye tangi. Kabla ya tangi nina bomba la bustani; nililiacha wazi hewa itoke, na baada ya muda likatema uji mweupe wa mkate vipande vitatu. Ungekwenda kwenye floti ya tangi, ile tundu yake nyembamba ingeziba na ningeanza shida mpya.

Nikafunga bomba la bustani na koki ya tangi, nikaenda kwenye mita. Kidude chekundu kilizunguka kidogo, kikasimama. Niliondoka nikarudi baada ya saa moja, kiko palepale. Nikarudi tena saa nane usiku, na tochi na karatasi ya chooni.

Mtaro niliuacha wazi siku mbili, kisha nikamwaga mchanga chini na juu ya bomba kabla ya udongo. Kwenye ukuta wa jiko, juu ya mahali hapo, nimeandika kwa rangi: "sm 210 toka ukutani, kina 40, bomba mm 32."